Nguo ikishatoka hairudi

Naandika mwenyewe yaliyonikuta kwenye usaili wa kazi, kabla sijamalizwa. Shosti wangu ameshatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye lile kundi, anacheka tangu sekunde ya kwanza, na kwenye toleo lake eti nilimwuzia mwenyekiti wa usaili suruali. Uongo. Sikumwuzia mtu suruali. Nilichofanya ni kibaya kuliko hicho.

Mnajua mimi ni mtu wa mitumba. Miaka sita meza yangu na mimi, na mvua ikija turubai langu na mimi. Basi likatoka tangazo la karani wa masjala, nikasema liwalo na liwe. Cheti ninacho, kompyuta nilisoma, mwandiko wangu unasomeka. Kilichobaki ni barua.

Sasa hapo ndipo akili iliponihama. Nilipofikiria kumwandikia mkubwa wa ofisi kwamba mimi nauza nguo mezani, aibu ikanishika kooni. Nikaamua kuipandisha cheo meza. Barua nikaiandika usiku, kitandani, kwa simu, kurasa tatu, na sentensi ya kwanza ilikuwa hii, naomba msicheke: "Mimi ni mtaalamu mwenye weledi uliotukuka katika tasnia ya mavazi ya kimataifa, niliyehudumu kama Meneja wa Ugavi, Masoko, Fedha na Rasilimali Watu."

Sentensi hiyo niliisoma mara kumi na moja. Nilikuwa naifunga simu, naifungua, naisoma tena, najipenda. Mwisho wa barua sikuusoma hata mara moja. Usingizi ulikuwa umenibana, nikamalizia haraka haraka, nikatuma.

Wakaniita. Na mimi nikaona kumbe uongo unalipa.

Chumba kina watu watatu. Mwenyekiti, mzee wa miwani inayokaa nchani mwa pua. Kijana mmoja wa utumishi anayeandika kila kitu. Na mama mmoja mtulivu ambaye nilikuja kujua ndiye mkuu wa masjala yenyewe. Nikaketi, nikakunja mikono kama niliyezaliwa ofisini.

Mwenyekiti akaishika barua yangu kwa ncha za vidole. Wameichapisha! Akasema, "Dada, hapa umeandika ulikuwa Meneja wa Rasilimali Watu. Ulisimamia watumishi wangapi?"

"Mmoja, mzee."

"Nani huyo?"

Jamani, ningesema nini? "Mimi."

Yule kijana akaacha kuandika. Mwenyekiti hakucheka, na hilo ndilo lililoniua. Akauliza kwa upole kabisa, "Uliwahi kumchukulia hatua za nidhamu?"

Nikajibu kwamba nilimwonya mara kadhaa kwa kuchelewa. Nilidhani huo ndio mwisho wa mateso. Wadau, hata hatujafika.

Mzee akafunua ukurasa wa pili, akaupita. Akafika wa tatu. Akashusha kidole taratibu mpaka chini kabisa, pale pa kuaga. Akasogeza miwani. Akasafisha koo. Kisha akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayesoma wosia:

"'Asante kwa kuchagua kwetu. Ukijaribu, jaribu vizuri, nguo ikishatoka hairudi. Vimebaki vichache, wahi kabla hujawahiwa. Wako mtiifu.'"

Kimya. Feni ilikuwa inazunguka juu, nikawa nahesabu mizunguko.

Ngoja niwaeleze, maana najua mnauliza imekuwaje. Simu yangu ni ya biashara. Wateja wakishalipa nawatumia ujumbe uleule kila siku, na mimi sina vidole vya kuandika kitu kimoja mara hamsini. Kwa hiyo kwenye kibodi ya simu niliweka kifupisho: nikiandika herufi nne tu, "asnt", nikibonyeza nafasi, simu inaleta maneno yote yenyewe. Ile usiku nilitaka kuandika asante ya kistaarabu. Kidole kikafuata mazoea. Simu nayo ikafanya kazi niliyoifundisha, wala haina kosa.

Mwenyekiti akainua macho. "Vimebaki vichache, vitu gani?"

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Niko peke yangu, mzee."

Hapo kijana wa utumishi akaomba udhuru akatoka nje. Tulimsikia akiwa koridoni. Mlango haukufungwa vizuri.

Nikaanza kukusanya mkoba. Mama wa masjala, ambaye muda wote hakusema neno, akanizuia kwa mkono. "Hebu subiri, mwanangu. Tuache haya ya umeneja. Hiyo biashara yako, unajuaje kama umeibiwa?"

Swali hilo nalijua hata nikiwa usingizini, nikajikuta naongea bila kujipamba. Nikamwambia nina daftari. Asubuhi nikipanga meza nahesabu. Tuseme nimetoa nguo 64. Jioni nahesabu tena, zimebaki 41, maana yake zimetoka 23. Sasa 23 hizo lazima zijieleze. Upande wa taslimu naona nimeandika 17. Upande wa mkopo 5. Jumla 22, kuna moja haina maelezo, na sifungi daftari mpaka nijue imekwenda wapi.

"Na siku hiyo ilikwenda wapi?"

Akili yangu ikaniambia tunga kitu. Nikashindwa. "Lilikuwa koti. Baridi ilinipiga saa kumi, nikalivaa, nikasahau. Nililitafuta nikiwa nimelivaa."

"Ukafanyaje?"

"Nikajiandika upande wa mkopo. Jina, tarehe, koti moja."

Yule mama akaegemea kiti. Akauliza hao wa mkopo nawaandikaje. Nikaeleza kwamba kila mdaiwa ana ukurasa wake: tarehe aliyochukua, alichochukua, alicholipa, kilichobaki, na tarehe aliyoahidi. Hakuna nguo inayoondoka mezani bila kuandikwa, hata akichukua dada yangu wa tumbo moja. Anayelipa kidogo kidogo, kila malipo na mstari wake, sifuti cha nyuma. Nikikosea nakata mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kionekane, naandika kilicho sahihi juu yake.

Sikumwambia kwamba majina mengine yameandikwa "Mrefu wa Kofia" na "Yule wa Kesho Kesho". Kuna mambo hayaendi kwenye usaili.

Mama akamgeukia mwenyekiti, kisha akanigeukia mimi. Akasema masjala ndiyo hiyohiyo. Barua ikiingia inaandikwa kwenye rejista, tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini, inapewa namba, inawekwa kwenye jalada lake. Jalada likitoka kwenda kwa ofisa, linaandikwa limekwenda kwa nani na lini, na lisiporudi anafuatwa. Shida yake kubwa, alisema, si watu wasiojua kuchapa. Ni majalada yanayotoka bila kuandikwa, halafu kila mtu anaapa halipo kwake, na siku linapotakiwa watu wanafungua makabati mpaka jioni, kumbe liko chini ya mkoba wa mtu.

"Kama koti lako," akasema.

Halafu akaichukua barua yangu, kurasa tatu zote, akazipindua huku na huku. "Daftari liko wapi humu?"

Halimo, ndugu zangu. Tasnia ya mavazi ya kimataifa imo. Weledi uliotukuka umo. Kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho yule mama alikuwa anakitafuta, nilikiona cha aibu nikakificha. Na si hilo tu. Tangazo lilitoa kumbukumbu namba na kusema iandikwe kwenye barua. Pale kwenye YAH nilitakiwa kuandika kazi ninayoomba na namba hiyo. Mimi niliandika "YAH: FURSA". Mtu anaomba kazi ya kutunza barua, na barua yake mwenyewe haijulikani iwekwe jalada gani!

Nikaaga. Kwenye koridoni nikakutana na kijana wa utumishi anajifuta macho. Akaniambia pole dada, halafu akaanza upya.

Mengine ni mafupi. Nilifika nyumbani nikamsimulia shosti, kosa langu la pili, saa moja baadaye kundi zima linaniuliza kama vimebaki. Kuna aliyeuliza kama nina saizi yake. Jirani kaniita Meneja wa Nidhamu tangu jana.

Usiku nikaiandika upya, hata kama haina pa kwenda, maana moyo ulikataa. Safari hii ni ukurasa mmoja. Juu kuna YAH yenye jina la kazi na namba ya tangazo. Aya ya kwanza inasema naomba nini. Ya pili inasema hivi: "Kwa miaka sita nimeendesha biashara yangu ndogo ya nguo za mitumba. Kila siku nahesabu bidhaa asubuhi na jioni na kulinganisha na mauzo. Natunza daftari la wadaiwa lenye ukurasa wa kila mteja, tarehe, alichochukua, malipo na salio. Naweza kulileta likaguliwe." Ya tatu ni cheti na kompyuta. Basi. Hakuna meneja. Nilipoisoma niliona kama niko uchi, lakini hakuna swali ndani yake ambalo lingenitoa jasho. Na niliisoma kuanzia chini kwenda juu.

Na kile kifupisho nimekifuta. Nimeingia kwenye mipangilio ya kibodi, nimekitafuta, nimekifuta, nimezima simu na kuiwasha nihakikishe kimekufa.

Leo asubuhi niko mezani, mteja ana blauzi mbili mkononi, ujumbe ukaingia. Namba ngeni. "Habari. Unaombwa kufika tena Jumatatu saa tatu asubuhi kwa mazungumzo na mkuu wa masjala. Uje na daftari." Mikono ikaanza kutetemeka. Mteja ananiuliza bei, simsikii. Nikajibu papo hapo wasije wakabadili mawazo, nikatuma, ndipo nikaangalia nilichotuma.

Kidole hakijui kwamba kifupisho kimefutwa. Mkuu wa masjala amepokea kutoka kwangu ujumbe wenye herufi nne: "asnt".