Mjane, andika tarehe. Hukumu waachie wao

Fomu za uhakiki wa pensheni ya wajane mara nyingi huwa na swali linaloniudhi: je, unaishi na mtu kama mume na mke? Mfuko wa pensheni unataka ndiyo au hapana, maana baadhi ya mifuko hukata au kusimamisha pensheni ya mjane akiolewa au akiishi kinyumba, na lolote utakalojibu laweza kukuponza.

Ndoa haina utata, ina cheti na tarehe. Kuishi kinyumba ni suala la kupima: mnalala nyumba moja siku zote? Nani analipa kodi na chakula? Majirani wanamjua kama nani? Mna mtoto? Kwa kawaida hakuna kigezo kimoja kinachotosha. Mpangaji halisi hahesabiki, wala kaka yako aliyehamia kwako.

Kabla ya kujaza, uliza kama sheria ya mfuko wako inakata pensheni au inaisimamisha tu. Uingereza, kwa mfano, posho ya zamani ya mzazi aliyefiwa ilifutwa kabisa mtu akifunga ndoa, lakini kwa kuishi kinyumba ilisimama tu. Marekani, katika hifadhi ya jamii ya taifa, mjane anayeolewa akiwa amefikisha miaka 60 hapotezi malipo yake.

Mimi naona kanuni ya kinyumba haina haki. Mara nyingi mwanamume huyo halazimiki kisheria kumtunza mjane, ila mfuko unamhesabu kama mlezi. Uingereza wenyewe, kwa vifo vya tangu Aprili 2017, malipo mapya hayakatwi kwa sababu ya mwenza mpya. Lakini sheria ikiwepo, kunyamaza ni ghali.

Chukua mjane ambaye mwenzake alianza kulala kwake siku mbili kwa wiki mwezi Januari, kisha Mei akarudisha funguo za chumba chake na kuhamia kabisa. Mama huyu hakusema kitu. Uhakiki wa Desemba ukafika, akaweka alama kwenye "ndiyo" bila maelezo. Mfuko ukihesabu tangu Januari, anadaiwa miezi 12. Ukihesabu tangu Mei, ni 8. Tofauti ni pensheni ya miezi minne, na mwenye kumbukumbu ya Mei ni yeye tu.

Angeandika barua Mei hiyohiyo: "Fulani amehamia kwangu tarehe fulani. Kabla ya hapo alikuwa na makazi yake, na kodi ya huko ameilipa hadi mwezi uliopita. Naomba mniandikie kama hali hii inagusa pensheni yangu." Barua iende na nakala ya risiti ya kodi, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwenza akiondoka, aandike tena, maana malipo yaliyosimama mara nyingi hayarudi yenyewe.

Na kama kuna watoto, fungu lao aliulizie peke yake. Katika mifuko mingi halikatwi kwa sababu mama kaolewa, ila likiwa linapitia akaunti ya mama, laweza kusimamishwa pamoja na lake kimakosa.