Daraja Nane za Ugomvi: Mtazamano wa Sayari Upimwe kwa Pembe au kwa Nuru?

"Ustadhi, programu ya simu yangu yasema Mwezi na Mirihi hazitazamani siku hiyo, na mwalimu wangu wa falaki hapa Lamu ashikilia kwamba zimo katika robo. Nani amekosea?"

Katika hesabu hakuna aliyekosea. Mwezi ulikuwa daraja ya 3 ya Ng'ombe, na Mirihi daraja ya 11 ya Simba. Ukihesabu tangu mwanzo wa Kondoo, buruji ya kwanza, na kila buruji ikiwa na daraja 30, Mwezi unaangukia 33 na Mirihi 131, na baina yao mna daraja 98. Robo kamili ni 90. Zimezidi 8, na ugomvi wote ni wa hizo 8.

Programu nyingi za leo huisamehe pembe: robo hupewa daraja kadhaa, tuseme 6 au 7 kila upande, bila kujali ni sayari gani zinazotazamana. Mwalimu wako aifuata kanuni ya kale, ambayo Al-Biruni aliiandika katika karne ya 11, kwamba msamaha ni wa sayari yenyewe, kwa upana wa nuru yake, uitwao jirmu. Jua lina 15, Mwezi 12, Zohali na Mshtarii 9 kila moja, Mirihi 8, Zuhura na Utaridi 7. Kila sayari huhesabiwa nusu ya jirmu yake, na sayari mbili hutazamana pale umbali wao kutoka pembe kamili usipozidi jumla ya nusu zao. Nusu ya Mwezi ni 6 na ya Mirihi ni 4, jumla 10. Basi 8 zimo ndani.

Wanaoicheka kanuni hii hudhani ni tarakimu zilizookotwa tu. Lakini mtu aliyewahi kusimama ufukoni Lamu kuusaka mwezi muandamo anazijua bila kufundishwa. Hilali ikiwa karibu mno na Jua haionekani, na wanafalaki wa kale waliukadiria umbali wa kuonekana kwake kuwa daraja 12 hivi, ambazo ni sawa na jirmu ya Mwezi. Vilevile sayari iliyo ndani ya daraja 15 za Jua ilihesabiwa imefunikwa na miale, na 15 ndiyo jirmu ya Jua. Vipimo hivi vinaoana na jicho la mtazamaji. Kuupa Utaridi, ambao wengi hawajapata kuuona, msamaha uleule wa Mwezi ni kusahau kwamba mtazamano ni jambo la nuru.

Hoja ya upande wa pili ni nzito, nami nimeirudia mara nyingi kwa kalamu na karatasi. Pembe zinazohesabiwa ni kukutana, 60, 90, 120 na 180. Katika duara zinaleta vituo 8, kwa kuwa 60, 90 na 120 huwa kulia na kushoto. Ukisamehe 8 kila upande, kila kituo kinakula daraja 16, jumla 128 kati ya 360, yaani zaidi ya theluthi ya mbingu. Ukibana hadi 3, inabaki 48 tu. Kwa jirmu, Jua na Mwezi zina nusu za 7.5 na 6, jumla 13.5, na vituo vinameza daraja 216: siku tatu katika kila tano zimo "katika mtazamano". Mtazamano wa namna hiyo unabagua nini?

Hoja hiyo ingemaliza kesi kama wakale wangeichukua jirmu kuwa ukuta, nje hakuna kitu na ndani kila kitu ni sawa. Wao waliifanya mlango. Baada ya kuingia waliuliza kama sayari iliyo nyepesi, yaani yenye mwendo wa kasi zaidi, inakaribia pembe kamili au inaiacha, na imebakiza kiasi gani. Mwezi huenda daraja 13 na kidogo kwa siku, ilhali Mirihi, inapokwenda mbele, kwa kawaida huenda kama nusu daraja au zaidi kidogo. Daraja 8 zilizobaki zitalipwa kwa saa 15 hivi. Lau Mwezi ungekuwa daraja ya 19 ya Ng'ombe, umbali kutoka robo ungekuwa 8 vilevile, lakini ungekuwa umeshapita, na hukumu ingekuwa dhaifu zaidi.

Kuhusu sifa za pembe, pande zote mbili zinakubaliana: 120 ni ya upatanifu kwa kuwa huunganisha buruji za asili moja, kama Kondoo, Simba na Mshale, ambazo zote ni za moto, 60 huunganisha moto na upepo, au udongo na maji. Robo na mkabala, yaani 180, ni za mvutano, na kukutana hufuata tabia ya sayari zenyewe. Wavuvi wetu watashangaa kidogo, maana kwao bamvua huja Jua na Mwezi zikikutana au zikikabiliana, na robo huleta maji mafu. Bahari haithibitishi unajimu, wala majina ya pembe hayakutungwa kwa ajili ya bahari.

Tahadhari moja ni ya mpakani, ambako jirmu pana hupotosha. Mwezi ukiwa 28 ya Ng'ombe na Mirihi 2 ya Mizani, baina yao ni 124, na hesabu husema upatanifu. Lakini Ng'ombe ni udongo na Mizani ni upepo. Hapo mimi huchukua upande wa wenye kubana. Kwa siku uliyoiuliza, Ng'ombe na Simba ni robo kwa buruji na kwa daraja pia, na Mwezi ulikuwa unakaribia, kwa hiyo namwunga mkono mwalimu wako. Programu nyingine zina mpangilio wa kupima kwa sayari badala ya pembe. Ukiuwasha, robo hiyo itajitokeza.