Mbegu nyingi siyo maltipo, jamani

Wiki iliyopita mpwa wangu wa fomu sikisi amekuja na notisi za fotokopi za baiolojia alizonunua stationari, mada ya aina tatu za matunda, yaani simpo, agrigeti na maltipo, nikazipekua wakati tunasubiri chakula. Nikakuta eti maltipo ni "tunda lenye mbegu nyingi ndani", na mfano wake ni papai. Papai! Na chini yake agrigeti mfano ni stroberi na razberi, sijui nani anaziuza Mtwara hii maana mimi nimezunguka soko miaka yote nakutana na mastafeli tu.

Nikamwambia twende sokoni kesho asubuhi, hizo karatasi ziache hapo.

Tukanunua stafeli moja na kipande cha fenesi, kwa makusudi kabisa, kwa sababu hayo mawili ndiyo yanawachanganya watoto. Yote yana miiba, yote ukiyapasua yana nyama nyama na mbegu nyingi. Mama muuzaji akamwambia "mwanangu hilo stafeli la leo leo, usilibonyeze", nikamwambia mama tunalipasua hapa hapa, niazime kisu.

Tukalipasua kwa urefu kuanzia kikonyo. Katikati kuna mti mweupe unashuka mpaka chini, na vipande vya nyama vimejipanga kuuzunguka, kila kipande kina mbegu moja nyeusi au hakina kabisa. Sasa rudi nyuma mpaka kwenye ua. Ua la mstafeli ni moja, limekaa peke yake kwenye kikonyo chake, lakini ndani yake kuna ovari nyingi ndogo ndogo, yaani vifuko vya kubebea mbegu, na kila moja inajitegemea. Zikishapata chavua zinavimba, zinabanana, zinagandana mpaka unaona tunda moja. Kila mwiba pale juu ya ganda ni alama ya ovari moja. Ndiyo maana unakuta stafeli limepinda upande mmoja kama limepigwa ngumi, watu wanasema limerogwa, kumbe ovari za upande ule chavua haikuzifikia vizuri, zikadumaa, wenzao wakanenepa. Hiyo ndiyo agrigeti: ua moja, ovari nyingi zilizokuwa mbali mbali. Topetope naye ni ndugu yake, hesabu ni hiyo hiyo.

Fenesi sasa. Miiba ile siyo ovari za ua moja, ni maua. Yaani kile kitu ulichokiona kidogo kama kidole kimebandikwa kwenye shina la mfenesi hakikuwa ua, lilikuwa shada zima, maua mengi mno yamebanana kwenye mhimili mmoja. Ua lililopata chavua linakupa kile kipande cha njano chenye mbegu, na ambalo halikupata linabaki kuwa zile nyuzi nyuzi unazotupa. Mpwa wangu hapo akanyamaza kidogo halafu akasema "kwa hiyo mjomba zile nyuzi ni maua yaliyokosa?" Ndiyo baba, unatupa maua yaliyokosa. Na ule moyo wa katikati wenye utomvu unaong'ang'ania kisu (paka mafuta ya kula kwanza) ndio mhimili wa shada. Hiyo ndiyo maltipo: maua mengi yaliyogandana kuwa tunda moja. Nanasi vile vile, kila jicho ni ua moja, na ule mti mgumu wa katikati ndio mhimili.

Kwa hiyo swali siyo mbegu ngapi. Swali ni maua mangapi, halafu kama ua ni moja, ovari ngapi na zilikuwa zimeachana au la. Papai ni ua moja, ovari moja, mbegu zijae hata mia tano bado ni simpo. Tikiti, bamia, nyanya, simpo. Embe na nazi, simpo.

Chungwa ndilo lenye hila. Mtoto anaona vipande kumi anasema agrigeti, na kusema kweli simlaumu sana. Ila vile vipande ni vyumba vya ovari moja iliyoungana tangu kwenye ua, havijawahi kuwa mbali mbali, na ganda ni moja. Simpo. Na mkungu wa ndizi msinianzie, kila ndizi imetoka kwenye ua lake na imebaki peke yake, hazijagandana, basi kila moja ni simpo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mgawanyo huu hausemi kila kitu. Sisi wa korosho tunajua: tunda lenyewe ni korosho na ganda lake, nalo ni simpo, lile bibo tunalokamua ni kikonyo cha ua kilichovimba baada ya korosho kutangulia. Hilo ni swali jingine, linauliza nyama imetoka sehemu gani, na mtu anaweza kujibu yote mawili bila kuyachanganya.

Notisi zile nimezichora papai mistari miwili ya peni nyekundu. Stafeli tumelila pale pale mezani kwa yule mama, mpwa wangu anahesabu vipande visivyo na mbegu, mama anatushangaa tu.