Kisukari cha Baltimore: ni rangi au ni mtaa?

Mwaka 2003 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika maeneo mawili yanayopakana, kusini-magharibi mwa jiji la Baltimore nchini Marekani. Waliyachagua kwa sababu ni nadra kuyapata mengine kama hayo: Weusi na Wazungu wanaishi pamoja humo, na vipato vyao havipishani sana. Takwimu za taifa zilikuwa zikionyesha kwamba Weusi wanaugua kisukari kuliko Wazungu kwa kiasi kikubwa, na wapo waliokwisha kuhitimisha kwamba jambo hilo limo katika damu. Matokeo ya Baltimore yalikuwa mengine. Wenye kisukari walikuwa asilimia 10.4 kwa Weusi na asilimia 10.1 kwa Wazungu. Pengo lilikuwa limekwisha.

Pengo la taifa lilitoka wapi, basi? Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna makundi mawili, kila moja lina watu 1,000. Tuseme maskini 15 katika kila 100 wanapata kisukari, na wenye nafuu ni 5 katika kila 100, wawe wa kundi lolote. Kundi la kwanza lina maskini 800, kwa hiyo wagonjwa ni 120, na wenye nafuu 200 wanaongeza 10, jumla 130. Kundi la pili lina maskini 300 tu, wanaotoa wagonjwa 45, na wenye nafuu 700 wanatoa 35, jumla 80. Anayetazama jumla peke yake ataona 130 dhidi ya 80, na atakuwa tayari kuapa kwamba makundi haya yana miili tofauti. Kumbe maskini wa huku na maskini wa kule wanaugua sawasawa. Kilichotofautiana ni idadi ya maskini.

Mtu atasema watafiti wanalijua hilo, ndiyo maana husawazisha kipato na elimu kabla ya kulinganisha. Ni kweli, na mara nyingi pengo hupungua. Lakini hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa maana wakiona pengo lililobaki hulibandika jina la rangi. Kipato cha mwezi si mali. Mwaka 2022, kwa takwimu za benki kuu ya Marekani, familia ya Wazungu iliyo katikati ya safu ilikuwa na mali ya dola 285,000 hivi, na ya Weusi dola 44,900. Watu wawili wanaopokea mshahara uleule wanaweza kuwa mmoja anaishi katika nyumba aliyorithi na mwenzake anadaiwa kodi. Hata mtaa nao haumo katika hati ya mshahara. Ndiyo maana naipa Baltimore uzito: watu wale hawakusawazishwa kwa hesabu mezani, walikuwa wanapita barabara zilezile.

Upande wa pili una hoja ambayo siwezi kuipuuza. Ukiondoa kipato, elimu na mtaa, ukakuta hakuna tofauti, usikimbilie kusema ubaguzi haupo. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mkopeshaji, na mitaa ya Weusi karibu yote ikaangukia humo. Kwa hiyo mtaa si jambo lililotokea tu kando ya rangi. Kwa sehemu ni njia ambayo ubaguzi umepitia. Anayeuliza kama miili inatofautiana, sharti ausawazishe mtaa. Anayeuliza ubaguzi umegharimu afya kiasi gani, akiusawazisha atakuwa amefuta kile alichokuwa anakitafuta. Takwimu ni zilezile, maswali ni mawili, na ugomvi mwingi ninaouona unatokana na watu kujibu swali moja kwa hesabu ya lingine.

Wala si kila pengo lilizimika Baltimore. La shinikizo la damu lilipungua, lakini Weusi waliendelea kuwa nalo zaidi. Pia eneo ni moja, na Wazungu wake walikuwa maskini kuliko Wazungu wengi wa nchi hiyo, kwa hiyo halitoshi kusemea taifa zima. Ila pengo lililobaki bado si ushahidi wa vinasaba. Mwaka 1997 ulichapishwa uchunguzi wa watoto waliozaliwa katika jimbo la Illinois. Watoto ambao mama zao ni Weusi waliozaliwa Marekani walikuwa na uzito wa wastani wa gramu 3,089, wale ambao mama zao ni Wazungu wa hukohuko gramu 3,446, na wale ambao mama zao ni Weusi waliozaliwa Afrika gramu 3,333. Kama wepesi wa watoto ungetokana na asili ya Kiafrika, hawa wa mwisho ndio wangekuwa wepesi kuliko wote.