Kampuni za Sigara Zinaponunua Muda Mahakamani

Mwezi Desemba 2014 Serikali ya Kenya ilichapisha kanuni za kutekeleza Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007. Kanuni hizo zilitaka pakiti ziwe na maonyo ya picha, kampuni zitaje viambato vya bidhaa zao, na watengenezaji na waagizaji walipe asilimia 2 ya thamani ya bidhaa hizo kila mwaka kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Zilipokaribia kuanza kutumika katikati ya mwaka 2015, kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilifungua kesi, na Mahakama Kuu ikatoa amri ya kuzisimamisha kwa muda.

Kesi hiyo inapaswa kusomwa kwa makini na sisi tulioko Tanzania, upande huu wa mpaka. Mahakama Kuu ilizikubali karibu kanuni zote Machi 2016, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya kampuni Februari 2017, na Mahakama ya Juu ikamaliza shauri Novemba 2019 kwa kuipa Serikali ushindi. Kampuni ilishindwa katika ngazi zote tatu, lakini kanuni zilizochapishwa mwaka 2014 zilikuwa zimebishaniwa kwa takribani miaka mitano. Kwa maoni yangu, muda huo ndio bidhaa halisi ambayo kampuni za tumbaku hununua zinapowalipa mawakili, kwa sababu kila mwaka ambao sharti linacheleweshwa ni mwaka mwingine wa kuuza kwa utaratibu wa zamani.

Hoja zenyewe zilikuwa na uzito wa kisheria, na si haki kuzibeza. Kampuni ilidai kwamba mchango wa asilimia 2 ni kodi iliyopitishwa kwa mlango wa nyuma, kwamba kuwawekea masharti watumishi wa umma wanaokutana na wadau wa tumbaku ni ubaguzi, na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hoja hii ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi kwa serikali yoyote, kwa kuwa haigusi madhara ya sigara hata kidogo. Inagusa utaratibu, na kanuni nzuri kabisa inaweza kuanguka kwa kukosa muhtasari wa kikao.

Kilichoiokoa Wizara ya Afya ya Kenya ni makaratasi. Kulikuwa na barua na kumbukumbu za mikutano zilizoonyesha kwamba wadau walifikishiwa rasimu na kwamba kampuni yenyewe ilitoa maoni yake kabla ya kanuni kukamilika. Nawapongeza kwa dhati watumishi waliozitunza nyaraka hizo. Mahakama ya Juu ilitumia shauri hilo kuweka mwongozo wa ushirikishwaji wa wananchi: lazima uwe wa kweli, mada ielezwe wazi, na wahusika wapewe nafasi ya kusikilizwa, ila madai tu kwamba haukuwepo hayatoshi kubatilisha kanuni.

Uganda nayo iliburutwa kwenye Mahakama ya Katiba kwa Sheria yake ya mwaka 2015, na ombi la kampuni ya BAT Uganda likatupwa Mei 2019. Mbali zaidi, kampuni ya sigara ya Philip Morris iliishtaki Uruguay mwaka 2010 kwenye usuluhishi wa kimataifa, ikitumia mkataba wa uwekezaji kati ya nchi hiyo na Uswisi kupinga maonyo yaliyofunika asilimia 80 ya pakiti. Kampuni ilishindwa Julai 2016 na kuamriwa kuilipa Uruguay dola milioni 7 kufidia gharama zake za kesi. Hata hivyo, nchi ndogo iliishi na tishio hilo kwa miaka sita, na waziri wa nchi nyingine anayepokea barua ya wakili yenye maneno “mkataba wa uwekezaji” ana kila sababu ya kusita.

Kwetu, ushawishi hauhitaji hata kufika mahakamani. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, na Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku tuliuridhia mwaka 2007, lakini pakiti bado ina onyo la maneno, tena mnunuzi wa sigara moja moja kwenye kibanda cha Manzese au Mbagala halioni kabisa. Kila mjadala wa ushuru au wa maonyo unapoanza, huja hoja ya mkulima wa Tabora na Urambo. Mkulima huyo anastahili kusikilizwa, lakini asemewe na chama chake cha ushirika, asitumiwe na mtengenezaji kama ngao.

Ibara ya 5.3 ya Mkataba huo inazitaka serikali kulinda sera za afya dhidi ya maslahi ya sekta ya tumbaku. Ningependa Wizara ya Afya iitafsiri kwa vitendo: kila kikao cha ofisa wa umma na mwakilishi wa kampuni kiandikiwe muhtasari na kichapishwe, iwe kimefanyika Dodoma au katika hoteli ya Dar es Salaam, na kila maoni ya maandishi kuhusu rasimu yapewe jibu la maandishi. Kazi hiyo ianze kabla rasimu ya kanuni mpya haijatoka, maana jaji ataomba nyaraka za siku ile, na nyaraka zilizoandikwa baada ya kesi kufunguliwa hazitamsaidia wakili wa Serikali.