Nukuu si tofali la kutupia

Jana nimesahihisha insha mpaka macho yakaniwasha, na ikinijia tena "Nukuu hii inaonyesha kwamba..." nitatupa kalamu. Wanafunzi wameambiwa: hoja, ushahidi, maelezo. Basi wanavipanga kama abiria watatu wasiojuana kwenye kiti kimoja.

Tazama. Tuseme msimulizi wa hadithi anasema: "Nilifunga mlango kwa kufuli mbili, kisha nikarudi kuuangalia mara ya tatu." Mwanafunzi anaandika:

Msimulizi ana hofu. "Nilifunga mlango kwa kufuli mbili, kisha nikarudi kuuangalia mara ya tatu." Nukuu hii inaonyesha kwamba msimulizi ana hofu.

Hongera, tumezunguka tukarudi palepale! Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wangu aliniandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa hiyo?" Niliudhika wiki nzima. Sasa ninaandika neno hilohilo.

Wengine hujaribu kuunganisha, wakaharibu: Msimulizi anasema kwamba "nilifunga mlango". Ukishatia "kwamba", msomaji anashtuka: nani alifunga, wewe? Kiswahili chetu kinabeba mtenda ndani ya kitenzi, kwa hiyo ukinukuu kitenzi unanukuu na mtu wake. Unaweza kurekebisha kwa mabano, "[a]lifunga mlango", na ni halali, ila mabano yakizidi aya inakuwa kama nguo yenye viraka. Mimi nakata pasipo na kitenzi:

Hofu ya msimulizi haitulizwi na tahadhari yoyote. Amefunga mlango "kwa kufuli mbili", lakini bado anarudi kuuangalia "mara ya tatu". Kufuli ya pili tungeweza kuiita uangalifu. Safari ya tatu haiongezi usalama wowote, maana mlango ni uleule. Kinachomrudisha hakiko nje.

Maneno sita tu yamenukuliwa. Yamekaa ndani ya sentensi za mwandishi, na maelezo yameyashika yenyewe: "mbili" ina kazi yake, "tatu" ina yake. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanaeleza hadithi badala ya kueleza maneno waliyoyachagua. Ziba nukuu kwa kidole, usome maelezo. Yakijitosheleza bila nukuu, hukuihitaji, au hukuitumia. Kisha soma aya kwa sauti kana kwamba alama za kunukuu hazipo. Ukijikwaa, upatanisho umevunjika.

Haya, nakiri shingo upande: kwa anayeanza, mpangilio huu wa hatua tatu unasaidia, angalau hatupi hoja bila ushahidi. Na ipo sentensi inayostahili kunukuliwa nzima, hasa pale mpangilio wa maneno yake ndio unaouzungumzia. Hapo itangulize kwa sentensi kamili na nukta pacha. Lakini ukinukuu mistari minne halafu ukaieleza kwa nusu mstari, jua nitakuandikia nini pembeni.