AIDA ndani ya sekunde 30: skripti ya redio inapopimwa kwa saa

“Mwalimu alituambia kila tangazo lazima lipitie hatua zote nne za AIDA, lakini prodyuza anasema sekunde 30 hazitoshi hata hatua mbili. Nimsikilize nani?”

Wote wawili wana hoja, ila wanazungumzia nyakati mbili tofauti za kazi moja. Ili kuliona hilo, ni vyema kuanza na umri wa kanuni yenyewe. Wazo la kumchukua mnunuzi hatua kwa hatua, kutoka kunaswa usikivu, kuamshiwa hamu ya kujua, kutiwa tamaa ya kukipata kitu, hadi kuchukua hatua, huhusishwa na Mmarekani Elias St. Elmo Lewis, aliyeandika kuhusu uuzaji mwishoni mwa karne ya 19. (Herufi A, I, D na A ni za maneno ya Kiingereza, ndiyo maana hazilingani na maneno yetu.) Wakati huo redio ya matangazo haikuwapo. Kanuni hii ilizaliwa kwa ajili ya muuzaji aliyesimama mbele ya mteja, na ya tangazo la gazeti ambalo msomaji anaweza kulirudia apendapo. Hata redio ilipoanza kuuza muda, haikuanza na sekunde 30: tangazo la kulipiwa linalotajwa sana kuwa la kwanza, lililorushwa na kituo cha WEAF cha New York mwezi Agosti 1922 kunadi makazi ya Jackson Heights, lilikuwa hotuba ya dakika zipatazo 10. Ndani ya dakika 10 hatua nne zina nafasi ya kutembea. Ndani ya nusu dakika zinakanyagana.

Nimeandika rasimu mbili za tangazo la mafundi wa kuziba paa linalovuja, nikazipima. Jina la kampuni nimeliacha wazi na kulihesabia silabi nne. Napendelea kupima kwa silabi badala ya maneno, kwa sababu “watakaokurudishia” ni neno moja kwa jicho lakini ni silabi tisa kwa mdomo, na anayehesabu maneno atadanganyika. Msomaji asiye na haraka hutamka takribani silabi tano na nusu kwa sekunde, na hicho ndicho kipimo nilichotumia. Rasimu ya kwanza inafuata AIDA kwa utii:

SAUTI: Radi, sekunde 4.
MSIMULIZI: Je, umechoka na paa linalovuja? Maji yanayopenya huozesha mbao, huharibu dari na kuchakaza samani zako. Sasa wapo mafundi waliobobea, wenye vifaa vya kisasa na uzoefu wa miaka mingi, watakaokurudishia usingizi mnono hata mvua ikinyesha usiku kucha. Usisubiri. Piga simu leo (namba), au fika ofisini kwetu. (Jina), tiba ya paa lako.

Kwenye karatasi haina kasoro inayoonekana. Radi na swali vinanasa usikivu, madhara ya maji yanaamsha hamu ya kujua, usingizi mnono unatia tamaa, na mwishoni msikilizaji anaambiwa la kufanya. Lakini maneno yake ni silabi 158, nikiihesabu “m” ya “mvua” kuwa silabi kamili na namba ya simu kuwa na tarakimu 10. Ukijumlisha na radi, tangazo linachukua karibu sekunde 33, na jina la kampuni linaanza kutamkwa baada ya sekunde ya 30 kupita. Mteja amelipia tangazo ambalo jina lake limo nje ya muda alioulipia. Studioni tatizo hili hutatuliwa kwa njia mbaya: msomaji anaambiwa akimbie, naye hukimbia pale ambapo sentensi hazina hisia, yaani kwenye namba ya simu, mahali pekee ambapo msikilizaji alihitaji kusomewa polepole.

Anayeitetea AIDA atasema kosa hapo ni la mwandishi, kwani tamaa imepewa sekunde 11 na nusu za maneno matupu kama “waliobobea” na “vifaa vya kisasa”. Ni kweli, na maneno hayo yangestahili kufutwa hata kama tangazo lingekuwa la saa nzima. Hata hivyo kuna kosa ambalo kanuni yenyewe inalialika. Inapanga hatua kwa mstari, na ya mwisho ni kuchukua hatua. Kwa hiyo mwandishi mtiifu huona jina la kampuni na njia ya kuipata kuwa mambo ya mwisho. Kwa msomaji wa gazeti hilo halina madhara, kwa sababu jina liko chini ya ukurasa kwa herufi kubwa na jicho huliona kabla hata ya kuanza kusoma. Sikio halina uwezo huo. Msikilizaji akiguswa na jambo katika sekunde ya nane, hana pa kutupia jicho ili ajue nani anazungumza. Na aliyeingia chumbani katika sekunde ya 12 hawezi kurudi mwanzo.

Rasimu ya pili niliiandika bila kufikiria hatua nne, kisha nikaipitisha kwenye AIDA baadaye:

SAUTI: Tone la maji likidondoka ndani ya ndoo, sekunde 2, kisha linaendelea chini ya mazungumzo.
MWANAMKE: Leta ndoo nyingine.
MWANAMUME: Ndoo zimekwisha.
MSIMULIZI: (Jina) huziba paa bila kung’oa bati. Fundi hupanda, hutafuta tundu, hulifunga, kisha humwaga maji juu yake ukiwa unatazama.
SAUTI: Tone linakoma. Kimya, sekunde 1.
MWANAMKE: Umesikia?
MWANAMUME: Sijasikia kitu.
MSIMULIZI: (Jina). Kabla mvua haijarudi, piga (namba). (Jina).

Hapa kuna silabi 116, ambazo kwa mwendo uleule ni sekunde 21 na kidogo. Ukiongeza milio, kimya, nafasi za kupumua kati ya wasemaji, na namba ya simu inayosomwa kwa mafungu, unafika kwenye sekunde 28 au 29. Jina linasikika mara tatu, na mara ya kwanza ni kabla ya sekunde ya saba. Tone limechukua nafasi ya radi kwa makusudi. Tangazo halisikiki peke yake, bali hufuata tangazo jingine ambalo huenda limejaa muziki na kelele; radi ingekuwa kelele juu ya kelele, na kwenye redio ndogo hufanana na mkwaruzo wa mawimbi. Tone dogo baada ya makelele husikika kwa sababu ni tofauti. Kuna waandishi wanaotimiza hatua ya kwanza kwa honi au king’ora, na usikivu kweli wanaupata, ila wanaupata kwa kumshtua dereva aliye barabarani, na mimi sioni kama huo ni ushindi.

Sasa AIDA iko wapi katika rasimu hiyo? Usikivu na hamu ya kujua vimo ndani ya maneno mawili, “Ndoo zimekwisha”, ambayo yanamwambia msikilizaji kuwa nyumba ina matundu mengi kuliko vyombo vya kukingia maji. Tamaa imekuja mara mbili: kwanza kama kero ya kutaka tone likome, kisha kama sekunde moja ya kimya linapokoma. Kati yake kuna maelezo ya kazi, ambayo kwa kanuni yalipaswa kutangulia. Mpangilio umevunjika, lakini hakuna kilichokosekana. Na hapa ndipo anayeitetea kanuni anapata hoja yake nzito zaidi: bila AIDA nisingejua kuwa rasimu yangu ya awali kabisa, ambayo sikuionyesha hapa, ilikuwa na kichekesho cha ndoo tu na haikusema popote kwa nini fundi huyu aaminiwe. Swali “hamu ya kujua inashibishwa na nini?” ndilo lililonilazimisha kuongeza maji yanayomwagwa juu ya tundu mteja akitazama. Mwandishi anayeitupa kanuni yote kwa kisingizio cha ufupi mara nyingi huishia na mchezo mfupi unaokumbukwa, huku bidhaa ikisahaulika.

Kwa hiyo namwelewa mwalimu anapodai hatua zote nne, mradi azidai kwa skripti iliyokwisha kuandikwa. Namwelewa pia prodyuza, kwa sababu mtu akiketi na kugawa karatasi mafungu manne ya sekunde saba na nusu, atapata rasimu ya kwanza.

Hatua inayobaki na utata kuliko zote ni ya nne. AIDA inachukulia kuwa aliyetiwa tamaa atatenda, na muuzaji wa ana kwa ana aliweza kumwekea mteja kalamu mkononi. Msikilizaji wa redio anaendesha gari, anaosha vyombo au amelala kitandani. Isitoshe, wengi wanaosikia tangazo la paa hawana paa linalovuja leo. Mtafiti wa masoko Andrew Ehrenberg alitoa hoja mwaka 1974 kwamba matangazo kwa kawaida ni nguvu dhaifu, isiyomsukuma mtu kutoka kutojua hadi kununua kwa mkupuo mmoja, bali inayomkumbusha na kumtia moyo kwa jambo ambalo atalijaribu wakati wake ukifika. Hoja hiyo ilihusu zaidi bidhaa zinazonunuliwa mara kwa mara, na paa si mojawapo, lakini kwa nusu dakika ya redio naiona ikiwa karibu zaidi na ukweli.

Matokeo yake kwenye skripti ni ya hesabu. Namba ya tarakimu 10 yenye sifuri moja ni silabi 21, na ikisomwa kwa mafungu inachukua kama sekunde tano. Ikirudiwa, theluthi ya tangazo imekwisha. Kama kinachouzwa kina mwisho wake, tuseme maonyesho yanayofungwa kesho jioni, gharama hiyo inafaa na AIDA inasimama wima. Kama ni huduma itakayohitajika siku isiyojulikana, ningetumia sekunde hizo kwa jina na sauti ya tone, ili mvua ikianza kudondoka ndani ya nyumba, tone lenyewe limkumbushe jina.

Yapo majaribio yasiyo na gharama ya kuamua kati ya njia hizi. Mchezee rasimu, mara moja tu na katikati ya matangazo mengine, mtu ambaye mikono yake ina kazi, kisha baada ya nusu saa muulize kilichouzwa, aliyekiuza na cha kufanya. Akikumbuka ndoo bila jina, hamisha jina lisogee karibu zaidi na tone. Akikumbuka jina na kusahau namba, ambalo ndilo jibu ninalolipata mara nyingi, futa namba na upime tena.